Dakika Thelathini Bila Mwalimu

Katika vijiji vingi vya pembezoni nchini Tanzania, hasa vile vilivyotengwa na mto au pori, kuna shule ambazo nyingi bado hazijasajiliwa kama shule kamili. Huitwa shule shikizi. Zimeshikizwa kwenye shule mama iliyo mbali, na kazi yake ni kuwapokea watoto wadogo wasioweza kutembea umbali huo kila asubuhi. Mtoto huanza darasa la kwanza hapo kitongojini kwao, miguu ikikomaa anahamia shule mama. Mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya shule shikizi. Vyumba vikapatikana. Lakini chumba hakiji na mwalimu wake, na katika shule za namna hii mara nyingi mwalimu ni mmoja, pengine wa kujitolea, mbele ya watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu waliokaa pamoja.

Hiyo ndiyo hali inayozungumzwa hapa: mwalimu mmoja, madarasa kadhaa, saa ileile, chumba kilekile. Isichanganywe na mrundikano tulioumzoea mjini, wa watoto 120 wa darasa moja kwenye chumba kimoja. Kule tatizo ni wingi wa watoto. Huku watoto wanaweza kuwa 34 tu, pungufu ya wale 45 ambao sera ya Tanzania inampa mwalimu mmoja, na bado kazi ikamshinda mwalimu hodari. Aliyezoea darasa moja hufika na maarifa yote ya chuo, akagundua siku ya kwanza kwamba chuoni hakuna aliyemwambia afanye nini na watoto ambao kwa wakati huo hawafundishi.

Hapo ndipo penye ugumu wote wa kazi hii. Kila mwalimu anajua kufundisha kundi lililo mbele yake. Makundi mawili yaliyobaki nyuma yake ndiyo yanayoamua kama shule ile ni shule au ni mahali pa kuwahifadhi watoto mpaka saa sita.

Tufanye hesabu ya muda. Kwa kawaida ya shule zetu, kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, cha darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40. Anayejaribu kufuata ratiba mbili hizo ndani ya chumba kimoja atakuta kundi moja limemaliza kipindi wakati jingine liko katikati ya somo, na tangu hapo siku nzima inakwenda mrama. Jambo la kwanza analolifanya mwalimu mzoefu ni kuziacha dakika 30 na 40, akaigawa siku katika vipande vya saa nzima, kila kipande na somo moja kwa wote. Saa ya Hisabati inakuwa ya Hisabati kwa chumba kizima. Ukiwa na kundi moja linaloimba silabi huku jingine linajumlisha na la tatu linasoma habari za maji, kelele za moja huliua jingine. Zaidi ya hapo, mwalimu mwenyewe analazimika kubadili fikra kila dakika kumi, na kichwa cha mtu hakistahimili hivyo mpaka Ijumaa.

Basi tuichukue saa moja ya Hisabati katika shule ya mfano yenye watoto 14 wa darasa la kwanza, 11 wa la pili na 9 wa la tatu. Mada ya siku ni kujumlisha, kila kundi kwa kina chake. Dakika tano za mwanzo wote wako pamoja. Mwalimu anasema, "Saba na tano." Wadogo wanahesabu vizibo vya soda walivyomwagiwa mkekani, wa darasa la pili wanatoa jibu kichwani, wa darasa la tatu wanatakiwa waseme 70 na 50 ni ngapi. Swali ni moja, kazi ni tatu. Dakika hizi tano zinamwonyesha pia nani ameamka vibaya, nani hajaja, nani bado anahesabu vidole wakati wenzake wameshaviacha.

Kisha, kabla hajakaa na yeyote, anawapa kazi wale wanaoweza kusoma maelekezo. Darasa la tatu wanageukia ubao wao wa pembeni, ambako tangu asubuhi, watoto hawajafika, ameandika maswali sita ya somo la jana, yale ambayo kumi inapelekwa mbele mara moja tu, kama 346 na 127. Darasa la pili wanachukua kadi na kufanya kazi wawili wawili. Dakika tatu zinatosha kwa hilo, na lazima zitoshe. Asipowaanzisha wakubwa kwanza, akaenda moja kwa moja kwa wadogo, nusu ya chumba itakaa bure ikimngoja.

Sasa anakaa mkekani na darasa la kwanza kwa dakika 14. Kila mtoto ana vizibo kumi. Wanavigawa mikono miwili, wanasema vilivyo kulia na vilivyo kushoto: tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Akiona wameshika, anawaachia mchezo huohuo wacheze wawili wawili, mmoja anaficha mkono, mwenzake anabahatisha idadi. Anainuka kwenda darasa la pili na vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Leo wao wana jambo jipya: 27 na 15. Mafungu mawili na vijiti saba, fungu moja na vijiti vitano. Vijiti vya peke yake vinakuwa 12, kumi kati yake vinafungwa kwa uzi, na sasa kuna mafungu manne na vijiti viwili. Dakika 14 tena, halafu anawaachia maswali matano ya namna ileile, wakiwa na vijiti mikononi. Mwisho darasa la tatu: 248 na 375, ambapo kumi inapelekwa mbele mara mbili. Wanafika kwenye 623, kisha wanajikagua wenyewe kwa kutoa 375 kuona kama 248 inarudi. Dakika kumi za mwisho ni za kupita na kusahihisha, ukianza na kundi ulilolitembelea zamani zaidi.

Ukijumlisha, kila mtoto amepata dakika 14 za mwalimu ana kwa ana, na kati ya ufunguzi na usahihishaji amekaa nusu saa hivi bila yeye. Hiyo ni kwa siku iliyokwenda vizuri, mvua haijapiga bati na hakuna mzazi aliyesimama mlangoni kuulizia uji. Kwa siku ya masomo manne ya namna hiyo, mtoto wa shule hii yuko peke yake na kazi yake kwa muda wa saa mbili. Mwalimu anayefundisha vizuri zile dakika 14 na kuzipuuza zile 30 amefundisha robo ya shule.

Kwa hiyo kazi ya kujitegemea haiwezi kuwa kitu cha kubuni papo hapo. Ina masharti yake. Kwanza, mtoto aweze kuianza bila kuuliza. Hii ina maana kwamba namna ya kufanya kazi ile ameshafundishwa mwalimu akiwapo, na leo kilichobadilika ni namba au maneno tu. Kadi mpya na mchezo mpya havitolewi siku moja na somo jipya. Pili, iwe na mwisho ulio wazi: baada ya swali la sita kuna swali la kutunga, mtoto abuni hesabu yake na kumpa jirani, kwa kuwa mtoto anayekimaliza kilichopo dakika ya nane ndiye atakayewavuruga wengine dakika ya tisa. Tatu, ajue kama amepatia kabla mwalimu hajafika. Kadi ina jibu nyuma, hesabu ya kujumlisha inakaguliwa kwa kutoa, neno linatafutwa kwenye bango la ukutani. Asipokuwa na njia hiyo ataondoka mahali pake kuja kuuliza, na akija mmoja wanakuja saba.

Foleni hiyo mbele ya meza ya mwalimu ndiyo dalili ya kwanza kwamba mambo hayaendi. Dalili ya pili imejificha zaidi, na wageni wengi wanaokuja kukagua huiona kuwa sifa. Chumba kimetulia, darasa la tatu wameinama wanaandika. Fungua madaftari yao. Ukikuta kurasa kumi za mwandiko safi, aya zilizonakiliwa ubaoni, wala hakuna kosa hata moja, basi watoto hao hawajafanya kazi yoyote ya akili kwa wiki mbili. Kunakili ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwanyamazisha watoto wakubwa, na mwalimu aliyezidiwa huikimbilia bila kujua. Daftari la mtoto anayejifunza lina makosa, tena makosa yanayobadilika.

Kuna na swali la nani anasahaulika. Watu hudhani ni wadogo, lakini wadogo hawasahauliki, kwa sababu wanalia, wanataka kwenda nje, wanapoteza penseli. Wakubwa nao wana wa kuwatetea. Shule ikiwa imefika darasa la nne, kuna upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka na mwalimu anajua shule itatajwa kwa matokeo yake. Anayepotea ni wa katikati, mwenye adabu, anayejua kusoma kiasi cha kutohitaji msaada wa haraka. Dawa yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: mwalimu abadilishe mpangilio wa zamu kila siku, ili anayefundishwa wa mwisho leo awe wa kwanza kesho, na auandike mpangilio huo ukutani. Usipoandikwa, katikati ataendelea kuwa katikati.

Na wakubwa kuwafundisha wadogo? Hili husifiwa sana, na kwa haki. Mtoto wa darasa la tatu anayemsikiliza wa darasa la kwanza akisoma silabi huimarika mwenyewe, na mdogo huuliza kwa mkubwa jambo ambalo angeona haya kumwuliza mwalimu. Lakini angalia ni nani anayeitwa. Karibu kila mara ni wasichana wawili watatu walewale, wepesi na watulivu, na baada ya muhula mmoja wamegeuka wasaidizi wa mwalimu badala ya wanafunzi wake. Ni busara msaada huo usizidi dakika kumi kwa siku kwa mtoto mmoja, uende kwa zamu, wavulana wakiwemo, na msaidizi apewe kufundisha kile ambacho yeye mwenyewe bado hakijamkaa sawasawa. Mvulana wa darasa la tatu anayekosea kujumlisha tarakimu mbili ndiye hasa wa kupewa kazi ya kukaa na watoto na vile vijiti.

Mpangilio wa chumba nao una kazi. Makundi yote yakitazama ubao mmoja, wote watasikiliza somo la mmoja. Kwa hiyo kila kundi linatazama ukuta wake, wenye ubao wake, hata ukiwa ni lipu iliyopakwa rangi nyeusi. Wanaofanya kazi ya peke yao wanampa mwalimu mgongo, naye anasimama mahali anapoweza kuwaona huku akifundisha. Madawati mazito ya kukaa watoto watatu ni kikwazo kikubwa hapa. Mikeka na meza mbili za chini zina manufaa zaidi.

Mzigo unaoonekana kidogo na watu wa nje ni wa karatasi. Mwalimu anatakiwa awe na azimio la kazi kwa kila somo la kila darasa, na andalio la somo kwa kila kipindi. Ukiwa na madarasa matatu na masomo manne kwa siku, hayo ni maandalio 12 kila jioni, kwa taa ya sola. Hakuna anayeyaandika yote kwa uaminifu. Anayesema anayaandika anakopia ya mwaka jana. Andalio moja lenye safu tatu, juu mada ya pamoja na chini yake kazi ya kila kundi katika dakika zilezile, linampa mthibiti ubora picha ya kweli kuliko daftari tatu zilizojazwa kwa ajili yake. Lakini vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimeandikwa darasa kwa darasa, kwa hiyo kutafuta mahali mada zinapokutana ni kazi inayomwangukia mwalimu, wakati ingefanywa mara moja tu na watunga mitaala kwa ajili ya shule zote za aina hii.

Kwa baadhi ya masomo kuna njia fupi zaidi. Darasa la tatu na la nne wanasoma Sayansi pamoja: mwaka huu wote wanasoma mada za la tatu, mwakani wote wanasoma za la nne. Baada ya miaka miwili kila mtoto amepita kote, ingawa si kwa mpangilio uleule, na mwalimu ameandaa somo moja badala ya mawili. Inafaa kwa mada zisizobebana. Mtoto anaweza kusoma habari za mimea kabla ya habari za afya bila kupungukiwa. Kwa Hisabati na kusoma haifai kabisa, kwani aliyeruka ngazi hapo hupotea moja kwa moja. Na hata kwenye Sayansi ina mtego wake: mtoto akihamia shule mama katikati ya mzunguko atafika na mada za mwaka mzima asizozisoma, na mwalimu wa huko atadhani ni mzito. Shule shikizi inayotumia mzunguko lazima mkuu wa shule mama aujue, na mtoto aondoke na orodha ya alichosoma.

Waliolifikisha jambo hili mbali zaidi ni Wakolombia. Katika miaka ya 1960, UNESCO ilikuwa ikihimiza shule za mwalimu mmoja Amerika ya Kusini, na mojawapo ilikuwa Pamplona, karibu na mpaka wa Venezuela. Mwalimu mmoja wa huko, Oscar Mogollón, aliendelea kuiboresha njia ile, na mwaka 1975 yeye, Vicky Colbert na Beryl Levinger wakaipa sura iliyokuja kujulikana kama Escuela Nueva, yaani Shule Mpya. Walichokiona ni kilekile cha dakika 30. Badala ya kumtaka kila mwalimu abuni kazi za kujitegemea kila usiku, waliziandika kwa pamoja kwenye vitabu vya mwongozo ambavyo mtoto huvisoma mwenyewe: kwanza vinamuuliza anajua nini, kisha vinampa habari, vinampa kazi ya kufanya na wenzake, vinamtuma akapime au akaulize nyumbani, na mahali maalumu vinamwambia asimame, amwite mwalimu amkague. Mwalimu anakwenda mahali anapohitajika, si mahali saa inapompeleka.

Jingine lilitokana na kahawa. Sehemu kubwa ya vijijini Kolombia ni mashamba ya kahawa, na wakati wa mavuno watoto hutoweka. Katika shule ya kawaida mtoto aliyekosa wiki nne anarudia mwaka. Mwenye kitabu cha mwongozo anarudi, anafungua ukurasa alioachia, anaendelea, na anavuka darasa anapomaliza, hata kama ni Machi. Vyama vya wakulima wa kahawa wa jimbo la Caldas vilikuwa miongoni mwa waliozichangia shule hizi kwa miaka mingi. Mwaka 1998, UNESCO ilipotangaza matokeo ya kupima watoto wa nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, Kolombia ndiyo iliyokuwa na shule za vijijini zilizozipita za mijini, ukiacha majiji makubwa.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Katika miaka ya 1980 serikali iliueneza mpango kwa haraka nchi nzima, ukafikia maelfu ya shule, na mafunzo ya walimu yakapungua. Watafiti waliozipita shule hizo katika miaka ya 1990 walikuta nyingi zina jina tu, hazina vitabu wala maktaba. Na hata penye vitabu, kulikuwa na watoto waliokuwa wakivinakili kwenye madaftari tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kunakili kukarudi kwa mlango mwingine. Kilichozuia hilo mahali palipofanikiwa ni mikutano ya walimu wa shule jirani, waliokutana mara kwa mara na kuonyeshana kazi za watoto wao. Hapa kwetu mwalimu wa shule shikizi hukutana na wenzake anapokwenda kufuata mshahara au chaki.

Je, mtoto wa darasa la aina hii hujifunza kidogo kuliko mwenzake? Mholanzi Simon Veenman alikusanya tafiti nyingi mwaka 1995 na kuhitimisha kwamba hakuna tofauti ya maana. Mwaka uliofuata Wamarekani wawili, DeWayne Mason na Robert Burns, walimjibu kwamba huenda wakuu wa shule huwaweka watoto wepesi na walimu hodari kwenye madarasa hayo, ndipo yanapolingana na mengine. Mabishano hayo yalihusu zaidi nchi tajiri. Kwenye shule shikizi hakuna anayechaguliwa: watoto ni wote wa kitongoji, mwalimu ni yule aliyekubali kwenda. Anayepaswa kulinganishwa naye ni yule mtoto wa jirani ambaye hakusoma kabisa kwa sababu mto ulijaa.

Kuna pia mahali njia hii inapokwisha. Watoto wakifika 60 au 70, kupita kukagua hakuwezekani tena ndani ya dakika kumi, na kazi ya kujitegemea isiyokaguliwa hufa ndani ya mwezi. Hapo kijiji kinapigania mwalimu wa pili, na akipatikana, kosa linalofanyika mara nyingi ni kugawana masomo: wewe Hisabati, mimi Kiswahili. Kila mmoja anabaki na madarasa yote matatu mbele yake na nusu ya siku akisubiri zamu ofisini. Mgawanyo unaosaidia ni kumpa mmoja darasa la kwanza peke yake, kwa kuwa hao ndio wasioweza kusoma maelekezo ya kazi yoyote, na yule mwenye uzoefu akabaki na la pili na la tatu. Mwaka wa pili, watoto waliofundishwa hivyo wakiingia chumba cha pamoja wanajua tayari kuchukua kadi, kukaa na mwenzao na kugeuza nyuma kutazama jibu baada ya kujaribu.